Moto katika klabu na kumbi za Nairobi: maswali kuhusu sponji, fataki, kufuli na msongamano

Maswali haya huulizwa na wenye klabu, mameneja wa kumbi za harusi, madijei, mabaunsa na wateja wa kawaida. Mengi nimeyasikia nikiwa nimesimama kwenye kaunta ya mtu, naye akiendelea kuhesabu kreti. Majibu yanahusu hasa aina moja ya moto: ule unaoanza kwa cheche, ukashika darini au ukutani, watu wakiwa wamejaa ndani.

## Mambo ya msingi

Kwa nini moto wa klabu huua watu wengi hivyo ndani ya chumba kimoja?

Kwa sababu ya hesabu ya muda. Mlango wa kawaida wa upana wa sentimita 90 hupitisha takriban mtu mmoja kwa sekunde, watu wakitembea kwa utaratibu. Moto ukishika sponji iliyobandikwa ukutani, moshi unaweza kukifanya chumba kizima kisikalike katika sekunde 90 hivi. Kwa hiyo mlango mmoja, mambo yakienda vizuri kabisa, utaokoa watu 90. Ukumbi ukiwa na watu 400, hao 310 waliobaki hawana pa kupitia.

Na mambo hayaendi vizuri kabisa. Sekunde 20 au 30 za mwanzo hupotea kwa sababu watu wanadhani moto ni sehemu ya shoo. Wengine hutoa simu warekodi. Wakianza kwenda, wote huelekea mlango waliouingilia, hata kama mwingine uko hatua tano nyuma yao.

Kisa kipi kinafundisha zaidi?

Ule wa klabu iliyoitwa The Station, West Warwick, jimbo la Rhode Island, Marekani, usiku wa tarehe 20 Februari 2003. Walikufa watu 100. Moto huo unajulikana kwa undani kuliko mingine kwa sababu mpiga picha wa televisheni alikuwa ndani akirekodi tangu mwanzo, na baadaye Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani iliuchunguza sekunde kwa sekunde.

Bendi ilipoanza wimbo wa kwanza, msimamizi wake aliwasha fataki nne za jukwaani, zile zinazorusha cheche kama chemchemi. Nyuma ya jukwaa, kuta zilikuwa zimebandikwa sponji. Hakuna aliyeiweka kwa uovu: majirani walilalamikia kelele, mwenye klabu akatafuta kitu cha bei nafuu cha kuzipunguza. Cheche zikagusa sponji pande zote mbili za jukwaa, ndimi za moto zikapanda hadi darini. Kama nusu dakika tangu fataki ziwashwe, bendi iliacha kupiga. King'ora kililia sekunde chache baadaye. Kufikia hapo watu walikuwa wameshaanza kuondoka, na kwenye picha unawaona wakitembea tu, bila fujo.

Ndani mlikuwa na watu zaidi ya 440, na wengi wao walielekea mlango wa mbele. Kabla dakika ya pili haijatimia, mtu mmoja alianguka pale mlangoni, wa nyuma wakamwangukia, na mlango ukazibwa na miili ya watu waliokuwa hai. Walioko nje waliwavuta mikono, haikusaidia. Hakukuwa na kufuli kwenye mlango ule, kumbuka. Ulizibwa na watu wenyewe.

Jambo moja linaniuma kila nikisimulia kisa hiki. Wakaguzi walikuwa wamefika klabuni kabla ya siku hiyo, na waliandika kasoro ya mlango wa karibu na jukwaa uliokuwa ukifungukia ndani. Sponji iliyokuwa mbele ya macho yao hawakuiandika.

Kwani sponji ina nini? Si kitu cha kawaida tu?

Ni ya kawaida, naam. Ni jamaa wa karibu wa godoro unalolalia, na aliyewahi kuona duka la magodoro likiteketea ameshajua jibu. Kinachofanya ukuta wa sponji uwe hatari kuliko godoro lililo sakafuni ni kwamba moto hupenda kupanda. Ukishika chini ya ukuta, hujipashia njia juu, na sponji imejaa matundu ya hewa, kwa hiyo haikawii. Kisha hudondosha matone yanayowaka juu ya watu.

Lakini kinachoua wengi ni moshi. Sponji ikiungua hutoa kaboni monoksidi na gesi ya sianidi kwa pamoja, na moshi wake ni mweusi kiasi kwamba taa za ukumbi hazionekani. Pumzi chache hukulegeza miguu. Katika klabu ya Kiss, mjini Santa Maria, Brazili, tarehe 27 Januari 2013, walikufa watu 242, na wengi walikufa kwa kuvuta moshi. Wengi walikutwa vyooni. Walikuwa wamefuata mlango gizani wakidhani ni wa kutokea.

## Fataki na mapambo

Zile fataki zinazochomekwa kwenye chupa mteja akinunua chupa kubwa, nazo zina hatari?

Ndizo zinazonitisha zaidi Nairobi kwa sasa, maana hazionekani kama fataki. Mhudumu mmoja anabeba chupa, mwingine anapiga filimbi, meza nzima inatoa simu. Cheche zile ni vipande vya chuma vinavyoungua, na joto lake hupita nyuzi 1,000. Zikiwa mezani chini ya dari ya mita nne, mara nyingi hufa kabla hazijafika popote. Lakini mhudumu akiinyanyua chupa juu ya kichwa, au akapanda juu ya mabega ya mwenzake, ncha inabaki sentimita chache kutoka darini. Dari ikiwa ya sponji, yatosha. Hivyo ndivyo ulivyoanza moto wa baa ya Le Constellation huko Crans-Montana, Uswisi, usiku wa kuamkia Mwaka Mpya wa 2026, ulioua watu wapatao 40.

Na usidhani ni mambo ya ng'ambo ya bahari. Januari 2022, mjini Yaoundé, Kameruni, fataki zilizowashwa ndani ya klabu zilishika dari, na watu wasiopungua 16 wakafa.

Ushauri wangu ni mfupi: taa za betri. Ziko za kuchomeka shingoni mwa chupa, zinamemeta, mteja anapata picha yake.

Aliyeniuzia amesema ni "fataki baridi". Je, hizo si salama?

Neno "baridi" ni la muuzaji. Huko Perm, Urusi, Desemba 2009, klabu iliyoitwa Farasi Kilema iliwasha fataki za aina hiyohiyo ya "baridi" chini ya dari fupi iliyopambwa kwa fito kavu. Walikufa zaidi ya watu 150.

Kuna mashine za kisasa zinazorusha chembechembe za chuma kama chemchemi, ambazo wapambaji wa harusi hapa jijini wanazipenda wakati maharusi wanaingia. Cheche zake hupoa haraka kuliko za fataki za kawaida, hilo ni kweli. Ila mdomo wa mashine ni moto kabisa, na chembe zinazotoka hazijapoa zikiwa bado ziko karibu. Zikiwekwa chini ya tao la maua ya plastiki na vitambaa vyepesi, ule umbali uliozifanya ziwe "baridi" haupo tena.

Nitajuaje kama sponji au kitambaa changu kitashika moto?

Kata kipande cha ukubwa wa kidole gumba. Toka nacho nje, mbali na kila kitu, ukishike kwa koleo, uwe na ndoo ya maji. Kiwashie kiberiti kwa chini, sekunde tano, kisha uondoe. Kikiendelea kuungua chenyewe au kikidondosha matone yenye moto, kibandue chote kabla hujafungua milango jioni hiyo.

Lakini kikizimika, usishangilie. Jaribio hili hukuonyesha kibaya tu, halikuthibitishii kizuri, kwa sababu kipande kidogo mkononi hakifanyi kama ukuta mzima uliopashwa joto. Kwa uthibitisho unahitaji cheti cha maabara kinachotaja bidhaa hiyohiyo, si karatasi ya muuzaji inayosema "haishiki moto". Kuipaka sponji rangi hakubadilishi kitu. Trei za mayai ukutani, kama zile za studio za mtaani, ni karatasi kavu yenye mashimo ya hewa, kwa hiyo nazo hapana.

Ukitaka kuzuia kelele, tumia pamba ya mawe nyuma ya ubao wa jasi. Ni ghali kuliko sponji. Pia inafanya kazi vizuri zaidi, kwani sponji nyembamba hupunguza mwangwi wa ndani, besi haiijali hata kidogo, na jirani ataendelea kulalamika vilevile.

Je, makuti na vitambaa vya harusi?

Makuti makavu huungua haraka na hutupa vijinga mbali. Afadhali yake ni kwamba mara nyingi banda la makuti halina kuta, hivyo moshi huondoka na watu hutoka upande wowote. Mtu akiziba pande zile kwa turubai ili kuzuia baridi ya Julai, amelifanya kuwa chumba.

Vitambaa vya kuning'iniza darini katika kumbi hufuata kanuni ya sponji: fanya jaribio la hapo juu, na visifike karibu na taa za joto wala mishumaa. Mapambo makavu ya mimea ni mabaya vilevile. Huko Natchez, Mississippi, Aprili 1940, ukumbi wa dansi ulipambwa kwa nyuzinyuzi za mmea uliokaushwa na kunyunyiziwa dawa ya wadudu, na madirisha yakapigiwa mbao ili wasiolipa wasichungulie. Walikufa watu 209. Hofu hiyohiyo ya wasiolipa ndiyo inayotuletea swali linalofuata.

## Milango na kufuli

Nikiacha mlango wa nyuma bila kufuli, wateja watatoroka bila kulipa. Nifanyeje?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, na si la kipuuzi. Meneja huyo huyo hukatwa hasara kwenye mshahara. Mlango wa nyuma hupitisha mlevi mwenye bili ya elfu sita, marafiki wasiolipa kiingilio, na pombe ya kutoka nje. Basi anatia kufuli, na ufunguo anakaa nao mtu mmoja ambaye saa nane usiku yuko ghorofa ya chini anagombana na mtu wa teksi.

Dawa ni kuutenganisha mlango na bili. Funga kishikizo cha kusukuma: kile kipande cha chuma kinacholala katikati ya mlango upande wa ndani, ukikiegemea tu kinafunguka, na kwa nje hakina kitasa. Ongeza king'ora kidogo cha betri juu ya fremu, kitakacholia kila mlango ukifunguliwa. Mlevi akitoka, mlinzi wa nje atamsikia. Halafu malipo yachukuliwe kinywaji kinapoletwa, kama sehemu nyingi za jiji zinavyofanya tayari. Kishikizo kizuri hugharimu pesa, lakini linganisha na bili zilizopotea mwaka mzima na utaona si deni kubwa.

Buenos Aires, tarehe 30 Desemba 2004, katika ukumbi wa Cromañón, mlango wa dharura ulikuwa umefungwa imara ili wasiolipa wasiingie. Walikufa watu 194. Na hapa kwetu hatuhitaji kwenda Ajentina: bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, Machi 2001, wavulana 67, mlango mmoja umefungwa na madirisha yana vyuma.

Kufuli lipo ila ufunguo unaning'inia ukutani kando yake. Inatosha?

Haitoshi. Jaribu hivi: zima taa zote za ukumbi, funga macho, mwambie mtu akuzungushe mara mbili, kisha utafute ufunguo huo na kulifungua kufuli huku watu wanne wakikusukuma mgongoni. Nimewafanyisha mabaunsa zoezi hili. Wengi hawafikii kufuli lenyewe.

Mabaunsa wafanye nini moto ukitokea?

Kwanza waache kuzuia. Katika klabu ya Kiss, walinzi wa mlangoni waliwazuia watu kwa muda wakidhani wanakimbia bili, kwa sababu hawakuona moto wenyewe. Huko The Station, baadhi ya wateja waliojaribu mlango wa karibu na jukwaa walirudishwa kwa maelezo kwamba ni wa bendi tu. Baunsa akae akijua kabla ya zamu kwamba akisikia neno moto, kila mlango ni wa kila mtu.

Pili, dijei ndiye mwenye nguvu kuliko wote. Azime muziki, awashe taa nyeupe, aseme maneno machache: "Muziki umeisha, tokeni sasa, mlango wa kulia kwenu upo wazi." Bila hivyo zile sekunde 30 zilizotajwa mwanzo huenda bure.

Mlango wangu unafungukia ndani. Ni shida?

Ni shida kubwa. Watu kumi wakiuegemea, hakuna atakayeweza kuuvuta. Fundi wa milango anageuza bawaba kwa siku moja. Shata za chuma zinazoviringishwa kwenda juu zifungiwe zikiwa juu muda wote mnapokuwa na wateja, na grili za madirishani ziwe na angalau moja inayofunguka kwa ndani bila ufunguo.

## Idadi ya watu

Nitajuaje ukumbi wangu unabeba watu wangapi?

Ruhusa yako ndiyo ya kufuata, na idadi ya juu iandikwe mlangoni. Ila ukitaka kujipima, tumia kanuni za Marekani zinazotumika sana duniani: mita za mraba 0.65 kwa mtu pale watu wanaposimama au kucheza, na 1.4 pale penye meza na viti.

Chukua klabu ya ghorofa ya kwanza, mita 15 kwa 12. Ni mita 180. Toa kaunta, jukwaa, stoo na vyoo, tuseme 50. Zimebaki 130. Nusu ni ya kucheza: 65 gawanya kwa 0.65, ni watu 100. Nusu ina meza: 65 gawanya kwa 1.4, ni watu 46. Jumla 146. Sasa jiulize Ijumaa ya mwisho wa mwezi mlikuwa wangapi.

Usiishie kwenye sakafu, angalia na milango. Kama ina mlango mmoja wa sentimita 90 na ngazi moja, tumeona kwamba katika sekunde 90 hutoka watu 90, kwenye hesabu ya matumaini, na ngazi ni polepole kuliko sakafu tambarare. Kwa hiyo hata watu 146 ni wengi. Unahitaji mlango wa pili wenye ngazi yake, upande mwingine wa chumba. Milango miwili iliyo bega kwa bega huzibwa na moshi uleule.

Tunahesabuje watu wakiingia na kutoka usiku kucha?

Vifaa viwili vya kuhesabia kwa kubonyeza: kimoja cha kuingia, kingine cha kutoka. Idadi ikifika, mmoja atoke ndipo mwingine aingie. Tikiti za mlangoni hazitoshi, kwa sababu huwa hazihesabu wafanyakazi, bendi, na wale "wa meneja".

## Sheria na maswali ya pembeni

Klabu ni mahali pa burudani. Sheria za kazi zinanihusu?

Zinakuhusu, maana mhudumu wako yuko kazini. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 na Kanuni za Kupunguza Hatari ya Moto za mwaka huohuo zinagusa kila mahali pa kazi, pamoja na ukaguzi wa usalama wa moto na mazoezi ya kutoka angalau mara moja kwa mwaka. Cheti cha idara ya moto ya Kaunti ya Jiji la Nairobi ni jambo jingine, na unahitaji vyote. Cheti hueleza hali ya siku ya ukaguzi. Sponji uliyobandika wiki iliyofuata haimo.

Polisi wakifanya msako, tunafunga milango wateja wakiwa ndani, taa tukizima. Kuna ubaya?

Enzi za kafyu ya korona jambo hili lilikuwa la kila wikendi: watu wanafungiwa hadi alfajiri, shata imeshushwa, mwenye ufunguo yuko nje akilinda zamu. Nami nimewahi kuwa ndani ya klabu namna hiyo, na kilichonishtua ni jinsi tulivyoizoea hali hiyo baada ya bia mbili. Kwa upande wa moto, huo ni ukumbi usio na mlango hata mmoja. Faini ya saa za ziada inalipika.

Klabu yetu iko chini ya ardhi. Je?

Moshi hupanda, na nyinyi pia mnatokea kwa kupanda, hivyo mnashindania ngazi moja. Ngazi mbili zilizo mbali, hakuna fataki ya aina yoyote, na vinyunyizio vya maji darini. Wachunguzi wa The Station walijenga upya sehemu ya ukumbi ule wakaichoma mara mbili. Penye vinyunyizio, moto ulidhibitiwa na hewa ikabaki ya kuvutika.

Zimamoto wakiitwa mapema, hawatawahi?

Piga 999 au 112, ndiyo, ila baada ya kutoka. Hata gari likiwa Barabara ya Tom Mboya na njia nyeupe, halifiki ndani ya sekunde 90. Kazi yake itakuwa kuzima na kuwatafuta waliobaki.

Mimi ni mteja tu. Niangalie nini nikiingia?

Tafuta mlango wa pili kabla ya kuagiza. Kama huuoni, muulize mhudumu: "Dada, mlango mwingine wa kutokea uko wapi?" Akicheka au akasema umefungwa, umepata jibu. Tazama dari juu ya jukwaa na juu ya meza za chupa kubwa. Ukiona sponji yenye mabonde kama trei ya mayai, na fataki zinaletwa, ondoka wakati wimbo bado unapigwa. Ukikuta moshi umeshashuka, inama, ufuate ukuta kwa mkono mmoja, na usiingie mlango wowote ambao hukuona watu wakitoka kupitia huo.